Shajara ya mradi: masharti ya matumizi na sera ya faragha ya programu yetu ya vikoba

Februari 3

Msimbo umetulia na hesabu za hisa na marejesho zinakubaliana na daftari. Kilichobaki kabla ya kupandisha Play Store ni maandishi ya kisheria. Programu yenyewe ni ndogo. Mweka hazina wa kikoba anaandika nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani kapigwa faini ya kuchelewa, na mzunguko ukiisha programu inampigia hesabu ya mgao. Pesa haipiti kwetu kabisa, inabaki kwenye sanduku lao au kwenye akaunti yao. Sisi tunatunza kumbukumbu tu.

Mwenzangu wa msimbo alishaandaa ukurasa mmoja ulioandikwa juu "Vigezo na Masharti", aliouchukua kwenye programu moja ya nje na kuutafsiri. Ndani yake kuna kila kitu: ada, makosa yaliyokatazwa, taarifa tunazokusanya, matangazo, na mahakama ya California itakayosikiliza mgogoro wa mama wa Mbagala. Kiungo cha ukurasa huohuo alitaka kukiweka kwenye Play Console, tovuti ya Google ya kupandishia programu, mahali panapodai sera ya faragha. Nimekataa, na kazi ya wiki hizi ni kuutenganisha.

Play Console inadai kiungo cha sera ya faragha kwa kila programu, hata isiyokusanya chochote. Ukurasa lazima ufunguke kwa mtu yeyote bila kuingia kwenye akaunti, usiwe PDF, na sera ipatikane pia ndani ya programu. Masharti ya matumizi hakuna anayeyadai. Unaweza kupandisha programu bila hata sentensi moja ya masharti na ikapita. Sababu iko wazi ukiangalia kila karatasi inatoka wapi. Sera inadaiwa na sheria za ulinzi wa taarifa, na hapa kwetu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Masharti ni mkataba kati yetu na mwenye akaunti, na mkataba ni hiari ya wanaouingia. Ukikosa masharti hakuna tume itakayokuita, ila siku mteja akikataa kulipa ada au akitumia programu kuendesha upatu wa kitapeli, huna cha kumwonyesha.

Tumeanza kuchambua sentensi moja moja kwa swali hili: nani anamwahidi nani, na ahadi ikivunjwa lalamiko linakwenda wapi? "Hutatumia programu hii kuendesha upatu" ni ahadi ya mteja kwetu, akiivunja tunafunga akaunti, kwa hiyo inakaa kwenye masharti. "Tunahifadhi namba za simu na kumbukumbu za mikopo kwenye seva iliyoko Ujerumani" haimwahidishi mteja chochote. Ni sisi tunaojieleza, na tukisema uongo mtu anakwenda kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hiyo ni ya sera.

Ya tatu ilikuwa hii: "Kwa kutumia programu hii unakubali tukusanye majina yote yaliyo kwenye simu yako na kuyatumia kwa matangazo." Imekosa pa kukaa. Kwenye masharti inageuka ridhaa iliyofichwa ndani ya mkataba wa jambo jingine, na kwenye sera haina maana kwa sababu sera hueleza, haiombi. Tumeifuta. Kama tungetaka majina hayo kweli, tungemwomba mtu peke yake, kwa swali la peke yake, na angeweza kukataa huku kikoba chake kikiendelea.

Februari 6

Leo tumehudhuria kikao cha kikoba kimoja Mbagala kinachotujaribia programu. Mama mweka hazina ametandika daftari la zamani upande wa kushoto na simu upande wa kulia, anaandika kotekote kwa sababu bado hajatuamini, na simlaumu. Anaita jina, mwanachama anaweka pesa mezani, katibu anahesabu kwa sauti, mama anabonyeza.

Nilipokuwa nimekaa pale nikaona jambo ambalo hakuna karatasi yetu inayoligusa. Wanachama wengi wana vitochi. Hawajawahi kuiona programu yetu, achilia mbali kubonyeza "Nakubali". Lakini majina yao yamo, namba zao zimo, na mle ndani pia kuna kwamba fulani ana mkopo uliochelewa. Aliyeingia mkataba na sisi ni mtu mmoja, mweka hazina. Waliomo kwenye seva yetu ni kikoba kizima.

Kikao kilipokwisha nikamwuliza, "Shikamoo mama. Hawa wenzako wanajua kwamba umewaandika humu?"

"Marahaba. Wanajua naandika, si wananiona?"

"Wanajua vinakwenda wapi baada ya hapo?"

Akacheka. "Hata mimi sijui vinakwenda wapi, baba. Wewe ndiye unajua."

Ndiyo hali halisi, na ndipo nilipoelewa kwa nini karatasi hizi mbili haziwezi kuwa moja. Masharti yanamhusu aliyekubali. Sera inamhusu kila mtu ambaye taarifa zake ziko mikononi mwetu, awe amekubali kitu au hajakubali, awe na simu janja au kitochi.

Februari 10

Tumekaa na wakili. Amelipokea swali la wanachama wenye vitochi kwa furaha ya ajabu kidogo.

Kwa upande wa mkataba alituwekea kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari ya pande zenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na lengo halali. Mwanachama ambaye hakuombwa hakukubali, kwa hiyo hakuna kifungu cha masharti yetu kinachomfunga. Tukiandika "mtumiaji anaondoa haki ya kutudai", tunamwondolea mama mweka hazina peke yake, tena kama hata kwake kinasimama. Mwanachama wa kitochi yuko nje ya uzio huo.

Kwa upande wa taarifa mambo yanageuka. Sheria inamtazama mwenye taarifa, na haiulizi kama ana akaunti. Ana haki ya kujua kinachokusanywa na kwa nini, kukiona, kukisahihisha kikiwa na makosa, na kulalamika kwenye Tume. Haki hizo anazo dhidi yetu ingawa hatujuani.

Kisha akauliza, nani hapa ni mkusanyaji na nani ni mchakataji? Mkusanyaji ndiye anayeamua taarifa zichukuliwe kwa lengo gani na kwa njia gani. Mchakataji anazishughulikia kwa niaba ya mkusanyaji. Kikoba ndicho kinachoamua kuandika mikopo ya wanachama wake, kwa sababu katiba yake inasema hivyo, kwa hiyo kwa kumbukumbu za wanachama kikoba ni mkusanyaji na sisi ni wachakataji. Lakini namba ya mweka hazina anayofungulia akaunti, na rekodi ya makosa ya programu inayotumwa simu ikigoma, tumeamua sisi wenyewe kuvichukua. Hapo mkusanyaji ni sisi. Kampuni moja, kofia mbili, na sera lazima iseme kofia ipi imevaliwa wapi.

Kilichobadilika kwenye rasimu baada ya kikao hicho ni kwamba masharti yamepata sehemu mpya kati yetu na kikoba. Sisi tunaahidi kutotumia kumbukumbu za wanachama kwa jambo lolote nje ya maelekezo ya kikoba, kuzilinda, na kukipa kikoba taarifa mara tukijua kuna uvujaji. Mweka hazina anaahidi kuwa ana idhini ya kikoba na kwamba wanachama wamejulishwa kabla hajawaandika. Hiyo inafaa kukaa kwenye mkataba kwa sababu ni ahadi za pande mbili zilizokubaliana. Sera nayo imepata kichwa kipya: "Kama wewe ni mwanachama lakini hutumii programu."

Wakili ametukumbusha pia kwamba tunagusa karatasi ya tatu ambayo si yetu. Faini, riba, nani anaweza kukopa kabla ya nani, yote hayo yako kwenye katiba ya kikoba. Rasimu ya mwanzo ilisema "hesabu ya programu ndiyo ya mwisho". Imetoka. Hesabu yetu ikigombana na katiba, katiba ndiyo inayotawala baina ya wanachama, na kazi yetu ni kurekebisha hesabu.

Februari 11

Jinsi ya kumjulisha mtu mwenye kitochi. Kiungo hakimsaidii, na mweka hazina kusoma sera nzima kikaoni ni ndoto. Tumekubaliana juu ya mambo mawili: karatasi ya ukurasa mmoja ambayo mweka hazina anaichapisha na kuisoma siku ya kwanza, na SMS moja inayokwenda kwa kila namba inapoandikwa kwenye programu kwa mara ya kwanza.

SMS inapaswa kukaa kwenye herufi 160, vinginevyo inakatwa vipande viwili na tunalipia vyote viwili. Baada ya kupunguza sana imebaki hivi:

```
Kikoba chako kinatunza jina, namba, hisa na mikopo yako kwenye programu ya simu. Una haki ya kuona na kusahihisha. Muulize mweka hazina au piga 07XXXXXXXX
```

Rasimu ya kwanza ilisema "jibu SMS hii", lakini SMS inayotoka kwa jina la mtumaji badala ya namba haijibiki, kwa hiyo tumeweka namba ya kupiga. Jambo jingine la kuangalia ni alama ya ng'. Mtu akiandika maandishi kwenye programu ya ofisi, ile koma ya juu inajikunja yenyewe, na herufi moja ya namna hiyo inabadilisha ujumbe mzima kuwa wa mfumo wenye nafasi ya herufi 70 tu. Tumeepuka ng' kabisa kwenye SMS.

Februari 17

Sera ya faragha haiandikwi kwa kalamu, inaandikwa kwa kusoma msimbo. Masharti naweza kuyatunga nikiwa nimekaa na wakili, kwa sababu ni mapatano na tunaweza kupatana lolote lililo halali. Sera ni maelezo ya kinachotokea kweli, na kinachotokea kweli kimo kwenye programu.

Basi leo tumefungua Android Studio, tukaenda kwenye kichupo cha Merged Manifest, yaani orodha ya ruhusa zote baada ya zile za maktaba za msimbo wa watu wengine kuchanganywa na zetu. Mbili zilitusimamisha.

Ya kwanza ilikuwa `READ_CONTACTS`. Tuliiweka ili mweka hazina achague mwanachama kutoka kwenye majina ya simu badala ya kuandika namba. Lakini ruhusa hiyo inafungua majina yote ya simuni, na kwenye sera tungelazimika kuieleza, na kwenye fomu ya Usalama wa Data ya Play kuitaja, yote hayo kwa ajili ya kuokoa mibonyezo michache. Android ina njia ya kumfungulia mtu orodha yake mwenyewe, akachagua jina moja, na programu ikapewa hilo moja tu bila ruhusa yoyote: `Intent.ACTION_PICK`. Tumebadilisha, aya nzima ya sera ikaondoka.

Zaidi ya hapo kuna sababu ya mtaani. Watu wameshaumizwa na programu za mikopo zinazopigia simu ndugu wa mkopaji. Nchini Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya mikopo ya kidijitali ya Mulla Pride shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa watu wengine. Google nao wamezuia programu za mikopo binafsi kufungua majina ya simuni. Sisi hatukopeshi mtu, ila neno "mkopo" limejaa kwenye skrini zetu, na sikutaka mkaguzi atuone na ruhusa ile.

Ya pili hatukuiweka sisi: `com.google.android.gms.permission.AD_ID`. Ni kitambulisho cha matangazo, kimeingia na maktaba ya takwimu. Sera yetu inasema hatuonyeshi matangazo wala hatumfuatilii mtu, na wakati huohuo programu inaomba kitambulisho cha matangazo. Mtu akilinganisha karatasi na programu ataona tunadanganya, hata kama hatukujua. Imeondolewa kwa mstari mmoja:

```xml
<uses-permission
  android:name="com.google.android.gms.permission.AD_ID"
  tools:node="remove" />
```

Tumeweka kanuni: kila maktaba mpya ikiongezwa, Merged Manifest inafunguliwa tena kabla ya toleo kutoka. Masharti hayahitaji kazi hiyo.

Februari 20

Skrini ya kujiandikisha. Ilikuwa na kisanduku kimoja chenye tiki tayari: "Nimesoma na kukubali Vigezo na Masharti na Sera ya Faragha."

Kwanza, tiki haiwezi kuwekwa na sisi kwa niaba yake. Wakili alitusimulia shauri la Zappos, duka la viatu la mtandaoni la Marekani. Januari 2012 walivamiwa na taarifa za wateja zaidi ya milioni 20 zikafikiwa. Wateja walipofungua kesi, kampuni ikasema masharti yake yanawataka waende kwa msuluhishi badala ya mahakamani. Mahakama ya Nevada, mwaka huohuo, ikakataa. Masharti yalikuwa kiungo kilichozikwa kati ya viungo vingine chini ya ukurasa, na hakuna mteja aliyeombwa kuyakubali. Isitoshe, kampuni ilijipa haki ya kuyabadilisha wakati wowote, kwa hiyo yenyewe haikuwa imejifunga kwa lolote. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini hoja yake inaeleweka hata kijiweni: utasemaje mtu kakubali jambo ambalo hukumwuliza?

Pili, na hili ndilo lililoleta ubishi ofisini, sera ya faragha haihitaji tiki. Mwenzangu aliona ni kinga ya bure, "akikubali vyote si tunakuwa salama zaidi?" Jibu langu ni kwamba tunajiharibia. Ukimtaka mtu akubali sera, umeigeuza kuwa kipande cha mkataba, na siku ukibadilisha jina la kampuni ya seva atakuuliza kwa nini umebadilisha mkataba peke yako. Vilevile unajenga picha kwamba taarifa zote tunazichukua kwa ridhaa yake, wakati namba yake ya simu tunaihitaji ili akaunti ifunguke. Akiondoa ridhaa kesho, utafanya nini na namba hiyo? Sera mtu anaonyeshwa, anajulishwa, basi.

Skrini sasa ina kisanduku kitupu, "Nimekubali Masharti ya Matumizi", na kitufe hakiwaki hadi kiwekwe tiki. Chini yake kuna sentensi ya kawaida: "Soma jinsi tunavyotunza taarifa zako." Kwenye kanzidata vinaandikwa tofauti:

```json
{ "doc": "masharti", "version": "1.0", "accepted_at": "2025-02-20T09:14:22+03:00" }
{ "doc": "sera_faragha", "version": "1.0", "shown_at": "2025-02-20T09:13:50+03:00" }
```

Kila toleo la masharti tunalihifadhi kama lilivyokuwa. Rekodi inayosema mtu alikubali toleo la 1.0 haina faida kama toleo lenyewe limefutwa juu yake.

Umri: miaka 18 na kuendelea kwa mwenye akaunti. Kiko kwenye masharti, kwa sababu kinahusu uwezo wa kuingia mkataba.

Februari 26

Kufuta. Siku ngumu kuliko zote.

Google wanataka programu yenye akaunti iwe na njia ya kuifuta ndani ya programu, na njia nyingine kwenye wavuti kwa aliyekwisha kuiondoa simuni. Hilo kwa programu ya muziki ni rahisi. Kwetu sisi, mweka hazina akigombana na mwenyekiti akabonyeza "Futa akaunti", kumbukumbu za kikoba kizima ziende naye?

Tumelipasua swali kwa kufuata kofia zile mbili za wakili. Akaunti ni yake: jina la kuingilia, namba, neno la siri. Hivyo anaweza kuvifuta leo. Kumbukumbu ni za kikoba, na kikoba kina mwenyekiti na katibu. Masharti sasa yanasema mweka hazina anashikilia vitabu kwa niaba ya kikoba, na akaunti ikifutwa mwenyekiti na katibu wanapata SMS na muda wa siku 30 wa kumteua mweka hazina mpya au kupakua vitabu. Muda ukiisha bila jibu, vinafutwa. Sera inasema jambo hilohilo kwa upande wa pili: nini kinafutwa mara moja, nini kinasubiri, na kwa nini kinasubiri. Mtu akisoma karatasi zote mbili asikute siku 30 huku na siku 90 kule. Rasimu yetu ilikuwa hivyo hadi jana.

Kisha kuna mwanachama anayetoka. Tuseme ametoka Juni katikati ya mzunguko, amelipwa hisa zake, na anataka jina lake lifutwe. Tukifuta mistari yake yote, hesabu ya faida ya kikoba haifungi, kwa sababu riba aliyolipa kwenye mkopo wake wa Machi ni sehemu ya mgao wa wenzake Desemba. Tumeamua hivi: namba yake ya simu inaondoka papo hapo, jina linabaki mpaka mgao ufanyike, na baada ya mgao linageuka "Mwanachama 14" au namba yoyote aliyokuwa nayo. Kiasi kinabaki, mtu anatoka. Kwa kuwa mkusanyaji ni kikoba, ombi lake tunalipeleka kwa mweka hazina kwanza, lakini sera inampa namba yetu pia, maana anaweza kuwa ametoka kwa sababu ya mweka hazina huyohuyo.

Machi 4

Kifungu cha kutowajibika. Kilichokuwepo: "Kampuni haitawajibika kwa hasara yoyote ya aina yoyote, ikiwemo upotevu au uvujaji wa taarifa." Wakati huohuo sera ilisema taarifa zinalindwa kwa usimbaji na nakala rudufu kila usiku. Karatasi moja inaahidi, nyingine inanyang'anya ahadi ileile. Wakili alisema wajibu uliowekwa na sheria ya taarifa hauondolewi kwa mkataba, na kwa mwanachama wa kitochi hata mkataba wenyewe haupo.

Kilichopo sasa ni kifupi. Hatushiki pesa za kikoba wala hatudhamini mkopo wowote. Programu ikikosea hesabu kwa kosa letu tunarekebisha bila malipo, na fidia kwa kikoba haitazidi ada kilichotulipa kwa miezi 12 iliyopita. Na mwishoni: "Kifungu hiki hakipunguzi haki zozote ulizonazo chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi." Mwenzangu anaona sentensi hiyo inatuvua nguo. Imebaki.

Mabadiliko ya baadaye pia yamegawanyika. Masharti yakibadilika kwa jambo zito kama ada, tunatoa taarifa siku 30 kabla na kisanduku kinarudi kwenye skrini. Asiyekubali anapakua vitabu vyake na kuondoka. Sera ikibadilika tunajulisha. Ila tukitaka kutumia taarifa kwa lengo jipya, kujulisha hakutoshi. Mfano ulio mezani ni benki moja iliyotuuliza kama tunaweza kuipa historia za marejesho. Hilo haliwezi kuingizwa kwa mlango wa "tumesasisha sera yetu". Kila mwanachama angeulizwa, na kikoba kingeulizwa, na tumeijibu benki hivyo.

Nilikumbuka kisa cha Instagram cha Desemba 2012. Walitangaza masharti mapya yaliyosomeka kama wafanyabiashara wangeweza kulipia kutumia picha na majina ya watumiaji kwenye matangazo bila mwenyewe kupata kitu. Watu walichachamaa, na ndani ya siku chache kampuni ikairudisha lugha ya zamani kwenye sehemu ya matangazo. Jambo la taarifa za watu lilikuwa limekaa ndani ya masharti, mahali watu wasipozoea kulitafuta. Safari hii walilitafuta.

Machi 9

Zimepandishwa zote mbili, kila moja na kiungo chake. Masharti yana kurasa nne, sera tatu, na karatasi ya kusoma kikaoni ni ukurasa mmoja wa herufi kubwa. Lugha inayotawala ni Kiswahili. Ya Kiingereza ni tafsiri ya kumsaidia mkaguzi, na masharti yanasema hivyo. California imetoka, sheria ni ya Tanzania, na mgogoro unaanzia kwenye mazungumzo kabla ya mahakama.

Mama mweka hazina amesoma ile ya kikaoni. Swali la kwanza lilitoka kwa mwanachama wa kitochi, mzee anayekaa karibu na mlango: mkopo wake uliochelewa, je, mtu wa kikoba kingine anaweza kuuona? Hawezi. Jibu lilikuwa kwenye sera lakini halikuwa kwenye karatasi ya kikaoni, kwa hiyo nimeliongeza kama mstari wa pili.

Yaliyobaki: usajili wetu kwenye Tume, ambao sheria inautaka kwa wakusanyaji na wachakataji wote, fomu zimeshajazwa na zinasubiri cheti cha kampuni. Na seva ya Ujerumani. Sheria ina sehemu nzima kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi, na wakili ameomba mkataba wetu na kampuni ya seva ausome kabla ya kutuambia kama tubaki huko au turudishe kumbukumbu Dar es Salaam. Tukihamisha, masharti hayaguswi. Kwenye sera kinabadilika kifungu cha tano, na SMS inabaki kama ilivyo.